Nilivyoinyamazisha kibodi ya simu mpaka mama akapata usingizi

"Iweke kimya tu." Kila niliyemuuliza alinijibu hivyo, tena kwa kujiamini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amejaribu mwenyewe. Naandika haya kwa sababu ushauri ule ulinipotezea usiku kadhaa, na baada ya kuhangaika nimelipata jibu ambalo ningependa mwenye shida kama yangu alikute limeandikwa mahali.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu. Mihutasari ya vikao naiandika kwenye simu, na naiandika usiku kwa sababu mchana sipati nafasi. Kipindi hicho mama alikuwa anapata nafuu baada ya kuumwa, nami nililala chumba kimoja naye ili nimwangalie. Usingizi wake ulikuwa mwepesi mno. Nilikuwa naweka simu juu ya meza ndogo ya mbao na kuandika kwa vidole vya mikono miwili, na kila mara nikifika katikati ya muhtasari nasikia, "Mwanangu, nini hicho kinachonguruma?"

Simu ilikuwa kimya. Sauti nilikuwa nimeishusha mpaka mwisho. Kilichomwamsha mama kilikuwa mtetemo.

Hapo ndipo ushauri wa "iweke kimya" unapoanguka. Kibodi ina mambo mawili tofauti: mlio unaotoka kwenye spika kila ukibonyeza herufi, na mtetemo unaotoka kwenye mota ndogo iliyo ndani ya simu. Kwenye simu yangu, kuiweka kimya kulizima mlio peke yake. Mtetemo uliendelea kama kawaida, na hata nilipowasha hali ya kutosumbuliwa, ile ya "Do Not Disturb", haukuacha, kwa sababu hali hiyo imekusudiwa kuzuia simu na arifa zinazoingia. Kubonyeza herufi si arifa, ni wewe mwenyewe.

Na mota hiyo ukiwa umeishika simu mkononi huisikii kwa masikio, kwa sababu nyama ya kiganja inaumeza mtetemo. Iweke juu ya mbao, ubao mzima unatikisika pamoja nayo na meza inageuka kuwa ngoma. Ndiyo maana mwandishi anaapa kwamba simu yake haina kelele huku aliyelala pembeni anakosa usingizi. Kukunja kitambaa na kukiweka chini ya simu kulipunguza, lakini hakukumaliza.

Rafiki mmoja akaniambia niwashe hali ya kuokoa betri, akaapa kuwa inazima mtetemo. Nikawasha, na kweli chumba kikatulia. Nilifurahi sana. Kesho yake usiku nikachomeka simu kwenye chaji, nikaanza kuandika, na meza ikanguruma upya. Ilinichukua muda kuelewa: kwenye baadhi ya simu za Android hali hiyo hubana mtetemo pale tu inapokuwa imewaka, na simu ikichomekwa kwenye chaji inajizima yenyewe. Kwa hiyo wanaopenda njia hii wanapata kimya cha muda, halafu wanashangaa kimeenda wapi.

Mwingine akanielekeza kwenye mipangilio ya sauti ya simu, nizime "Touch sounds" na mtetemo wa kugusa. Nikazima. Kitufe cha kurudi nyuma kikaacha kutetemeka, menyu zikaacha kulia, nikajua nimemaliza. Nikafungua kibodi na kubonyeza herufi moja: mtetemo ule ule. Kumbe mipangilio ile ni ya mfumo wa simu, na kibodi niliyokuwa naitumia ina mipangilio yake yenyewe ndani. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna aliyenitajia, nalo ndilo jibu.

Kibodi yangu ni Gboard, ambayo iko kwenye simu nyingi za Android. Fungua mahali popote pa kuandika, bonyeza alama ya mkato kwa muda mpaka alama ya mipangilio itokee, ingia "Preferences". Humo utaona "Sound on keypress" na "Haptic feedback on keypress". Zima zote mbili. Kwenye simu zenye kibodi ya Samsung jina la ukurasa ni "Swipe, touch, and feedback", kisha "Touch feedback", na mle kuna sauti na mtetemo kila kimoja na swichi yake. Ni kazi ya dakika chache, na baadhi ya dakika hizo ni za kutafuta tu.

Sasa nieleze nilivyohakikisha, maana hapa najivunia. Kidole hakiaminiki. Ukishazoea mtetemo, kidole kinaendelea kuuhisi hata ukiwa umeuzima, na mtetemo hafifu uliobaki kinaweza kisiuone kabisa. Nilichukua sufuria tupu ya bati jepesi, nikaifudikiza juu ya meza, nikalaza simu juu ya kitako chake. Bati jepesi linafichua kila kitu. Nikabonyeza herufi: kimya. Nikabonyeza nafasi na kitufe cha kufuta, nikikishikilia: kimya. Nikafungua sehemu ya kupiga simu nikabonyeza tarakimu, na sufuria ikalia kwa sauti! Tarakimu za kupigia hazihusiani na kibodi. Zina swichi yake, "Dial pad tones", kwenye ukurasa wa sauti wa simu. Nikaizima. Nikafunga skrini na kuifungua: mlio mdogo wa kufunga, nao una swichi yake pale pale.

Halafu likaja lililonishangaza kuliko yote. Nilifungua programu moja inayodai nywila, na nilipoanza kuiandika sufuria ikanguruma. Niliitazama skrini vizuri nikaona kwamba ile haikuwa kibodi yangu. Rangi ilikuwa tofauti na mpangilio wa tarakimu ulikuwa tofauti. Baadhi ya simu, ukifika kwenye kisanduku cha nywila, zinaiweka pembeni kibodi yako na kuleta kibodi salama ya watengenezaji, na hiyo ina mipangilio yake peke yake. Niliikuta kwenye orodha ya kibodi za simu, nikaingia ndani yake nikazima mtetemo, na sufuria ikanyamaza. Kama umezima kila kitu na bado simu inatetemeka mara moja moja, angalia kama ni wakati wa kuandika nywila.

Kuhusu betri nina ugomvi na wanaosema ukizima mtetemo chaji itadumu mara mbili. Hesabu si ngumu. Tuseme usiku mmoja naandika herufi 6,000, na kila herufi inaiamsha mota kwa milisekunde 25. Zote pamoja ni sekunde 150, yaani dakika mbili na nusu za mota kuzunguka. Tuseme mota inakula miliampea 80 ikiwa kazini. Inatoka miliampea-saa 3 na kidogo. Betri ya 5,000 haitaona tofauti hiyo. Skrini peke yake, ikila miliampea 200 kwa saa mbili za kuandika, inamaliza 400. Anayetaka chaji idumu aanze na mwanga wa skrini.

Lakini kuna kitu kwenye hesabu hiyo kinachobadilika. Chini ya swichi ya mtetemo, Gboard ina "Vibration strength on keypress", na kwenye simu nyingi kipimo chake ni milisekunde, mpaka 100. Aliyeivuta mpaka mwisho ili auhisi mtetemo vizuri anaizungusha mota mara nne ya hesabu yangu, dakika kumi nzima kwa herufi zile zile. Kwenye simu ya zamani ambayo betri yake imechoka na imebaki na 1,500 hivi, hiyo inakaribia asilimia moja. Ni kidogo, lakini mtu anayemalizia muhtasari simu ikiwa na asilimia mbili anajua uzito wa asilimia moja.

Mlio nao una gharama yake, ingawa unaonekana mwepesi. Simu haiwashi njia ya sauti na kuizima kwa kila herufi. Mlio ukishatoka, njia hiyo hubaki wazi kwa sekunde chache ikisubiri mlio mwingine, na kwa kuwa herufi zinafuatana, haipati nafasi ya kulala mpaka umalize kuandika. Kwa hiyo ukizima mtetemo ukaacha mlio kwa kudhani ndio usiokula, hujazima vyote. Mimi nilizima vyote viwili.

Dada yangu ana iPhone, na kwake ilikuwa rahisi zaidi: "Settings", "Sounds & Haptics", "Keyboard Feedback", na mle kuna "Sound" na "Haptic". Mtetemo wa kibodi uliingia kwenye simu hizo na iOS 16, mwaka 2022, na kwa kawaida huja ukiwa umezimwa. Apple wenyewe wanaeleza kwamba kuuwasha kunaweza kuathiri maisha ya betri. Dada aliuwasha mwenyewe kwa kuupenda, na nilipomwambia auzime alinijibu, "Nitajuaje kama nimebonyeza?"

Swali lake lina haki. Siku za mwanzo nilikosea herufi zaidi, kwa sababu kidole kilikuwa kinasubiri jibu kisilipate. Kilichonisaidia ni "Popup on keypress", iliyo kwenye ukurasa ule ule wa "Preferences": herufi uliyobonyeza inaruka juu ya kidole kwa mara moja, unaiona, unaendelea. Jibu linakuja kwa macho, na anayelala hasumbuliwi na kitu chochote isipokuwa mwanga, ambao nao nimeupunguza. Baada ya muda nikawa naandika kwa kasi ile ile ya zamani.

Jambo moja bado linahitaji uangalifu. Ukifuta data ya programu ya kibodi, au ukihamia simu mpya, swichi zinaweza kurudi zilivyokuwa kiwandani. Mimi naijaribu kibodi mchana, simu ikiwa juu ya sufuria, kabla ya kuipeleka chumbani kwa mama.