Kobe wangu alivyopona kamasi

Naishi Uingereza, na nafuga kobe wa aina ya Hermann ndani ya nyumba. Novemba alianza kutoa povu puani, kisha akaacha kula na kupumua huku amenyoosha shingo. Nilidhani ni mafua tu, kwa kuwa kipimajoto kilisoma nyuzi 30.

Kosa lilikuwa hapo. Nilikuwa nimekitundika ukutani karibu na taa. Nilipokilaza sakafuni, alipolala kobe mwenyewe, usiku kilisoma 17. Kobe hutegemea joto la nje, kwa hiyo kwenye baridi hata kinga yake hulegea.

Daktari wa wanyama alimpa sindano za keftazidimu, dawa ya kuua bakteria, moja kila baada ya saa 72, akaniagiza nirekebishe joto. Chini ya taa nikaweka nyuzi 33, upande wa pili 26, na usiku nikatumia kipasha joto kisicho na mwanga ili isishuke chini ya 24. Kila asubuhi nilimwogesha kwa maji ya vuguvugu dakika 15, maana asiyekula hukauka upesi.

Wiki mbili za kwanza sikuona nafuu, nikahangaika sana. Daktari akanieleza kwamba kobe hana ule msuli wa chini ya mapafu unaotusaidia kukohoa, na usaha wake ni mzito, hivyo hutoka polepole. Siku ya 19 aliuma jani la dandelioni. Pua ilikauka wiki ya saba. Mikoplazma, bakteria wanaoweza kuleta kamasi kwa kobe, huweza kubaki mwilini, kwa hiyo simchanganyi na kobe wengine.