Barua niliyomwandikia kambo kuhusu karatasi ya benki ya Ufaransa

Kambo alinipigia simu kutoka Likasi akiwa na sauti ya mtu aliyefiwa. Alikuwa ameshatenga vikwembe vitatu vya kuuza. Benki ya Ufaransa, alisema, inamdai euro 358.

Akaunti hiyo aliifungua miaka alipoishi kwa shangazi huko Lyon, na shangazi bado humwekea pesa humo. Safari hii ndugu mmoja aliyetoka huko alimletea karatasi ya mwezi wa tano. Nikamwomba mjukuu aliye naye anitumie picha yake kwa simu. Chini kabisa paliandikwa "Nouveau solde créditeur: 358,13". Hapo ndipo kambo aliposhtuka. Kwetu ukisema kredi umesema deni: sukari ya kredi dukani, kitenge cha kredi sokoni.

Kwa simu hatukuelewana, maana kila nilipotamka neno hilo aliugua. Nikaandika barua kwa herufi kubwa, kalamu ya bluu kwa pesa iliyoingia na nyekundu kwa iliyotoka, nikampa dereva wa basi hapa Lubumbashi. Nilianza hivi:

"Kambo, usiuze kitu. Unakumbuka daftari la mama anayewatunzia pesa za likelemba? Ukimpa falanga zako, anaandika jina lako, maana sasa yeye ndiye mwenye deni kwako. Karatasi hii ni ukurasa wa daftari la benki. Chini ya 'Crédit' ni pesa iliyoingia kwako, chini ya 'Débit' ni iliyotoka. 'Solde' ni kilichobaki. Kikiwa 'créditeur', pesa ni yako na benki ndiyo yenye deni kwako. Siku ukiona 'solde débiteur', hapo ndipo umetoa kuliko ulichokuwa nacho, unipigie."

Kisha nikaandika hesabu yote kutoka kwenye picha, ili aifuate kwenye karatasi yake. Mwanzo wa mwezi palikuwa na euro 310. Shangazi aliingiza 150, zikawa 460. Benki ilitoa 95,37, halafu 6,50. Ukiondoa zote mbili unabaki na 358,13, sawa kabisa na mstari wa chini. Nilimwandikia kwamba hesabu hiyo aifanye kila karatasi ikija, kabla ya kusoma neno lolote.

Lakini kambo alikuwa na jambo la pili, na hapo alikuwa na haki ya kuuliza. Tarehe 15 alikuja Lubumbashi akatoa dola 100 kwenye mashine, mara moja tu. Karatasi ilionyesha tarehe 17, dola 103, na chini yake mstari mwingine wa kutoa pesa. Alidhani kuna mtu aliyeiga kadi yake.

Kabla ya kuandika nilimwomba kwa simu atafute kikaratasi kilichotoka kwenye mashine. Alikuwa nacho, amekikunja ndani ya kitabu cha nyimbo. Kiliandika 100, na chini yake 3 za ada ya benki ya hapa yenye mashine. Basi zile 103 zikapata mwenyewe. Kwa kuwa akaunti ni ya euro, ziligeuzwa: siku hiyo euro moja ilihesabiwa dola 1,08, na 103 ukigawa kwa 1,08 unapata 95,37. Tarehe 15 ni siku mashine ilipompa pesa, na 17 ni siku habari ilipofika na kuandikwa Ufaransa. Mstari wa pili, wenye neno "Frais", haukuwa pesa aliyopewa mtu mwingine. Ni ada ya benki yake kwa kutoa pesa nje ya nchi za euro: sehemu moja haibadiliki, nyingine hufuata kiasi ulichotoa.

Nikaongeza onyo moja kwa kalamu nyekundu. Kama siku moja ataona pesa imetolewa hapa Kongo bila yeye, asingoje karatasi tatu zirundikane. Sheria ya Ufaransa inampa mteja miezi 13 kulalamika kama malipo yamefanyika ndani ya Ulaya, lakini kwa yaliyofanyika nje kama kwetu ni siku 70, na mkataba wa benki unaweza kuzifikisha 120 tu. Karatasi inayosafiri ndani ya sanduku la mgeni inaweza kuzila siku hizo zote njiani. Kwa hiyo shangazi sasa anapiga picha ya kila karatasi siku inapofika kwake.

Barua ilifika siku ya pili. Jioni kambo alipiga simu, akanisomea mistari yote kwa sauti, bluu na nyekundu, mpaka 358,13. Kisha akauliza: nikitoa 100 mara tatu, si nalipa zile 3 mara tatu? Nikamwambia ndiyo, na ile sehemu isiyobadilika ya Ufaransa pia mara tatu. Akanyamaza kidogo. Akasema mwezi wa sita na wa saba hatakuja Lubumbashi, atakuja wa nane, atoe za miezi mitatu kwa pamoja, na mimi nimpokee pale kituo cha basi.