Kitabu changu cha miadi kilikuwa kinadanganya

Kwa muda mrefu niliamini wasusi wa saluni yangu ni wazembe. Kila siku tulianza saa 3:00 asubuhi tukiwa sawa, na kufika mchana benchi la wageni limejaa watu wanaotazama saa. Nilikaripia sana, haikusaidia. Siku moja nikamwambia dada mmoja aharakishe, akanijibu, "Bosi, hebu kaa wewe uweke dawa kichwa kizima kwa saa moja, nikuone." Sikukaa, ila jibu lake lilinibakia.

Kitabuni huduma ya kuweka dawa na kukausha iliandikwa dakika 60. Ukiniuliza nilizitoa wapi, sina jibu. Nadhani niliiga mahali nilipokuwa naajiriwa. Kwa hiyo kwa majuma mawili nilipima. Sikuanza kuhesabu dawa ilipogusa nywele, nilianzia pale mteja alipokalia kiti, na kumalizia pale kiti kilipokuwa safi kwa mtu mwingine. Wateja 14 walipita. Aliyewahi kuliko wote alichukua dakika 70, aliyechelewa zaidi 105, na wastani ulikuwa 82.

Niliweka hizo 82 kwenye karatasi. Wateja wanne wamepangwa saa 3:00, 4:00, 5:00 na 6:00. Wa kwanza anamaliza saa 4:22, wa pili 5:44, wa tatu 7:06. Yule wa saa 6:00 anakalia kiti dakika 66 baada ya muda wake, na hakuna aliyezembea hata kidogo. Dakika 22 za kila mmoja zinamwangukia anayefuata.

Muda ulikuwa unapotelea kingoni. Kupaka dawa na kulainisha kulikuwa dakika 20 tu. Lakini kuna 10 za kuzungumza na kukagua ngozi ya kichwa, 10 za kugawa nywele na kupaka mafuta ya kinga, 15 za kuosha kwa shampuu ya kuua dawa, 5 za kondishona, 20 za draya, na 10 za malipo, kufagia na kusafisha vitana. Jumla 90. Nikaandika 90, si 82, kwa sababu ukipanga kwa wastani, karibu nusu ya wateja watakuzidi. Kati ya wale 14, 11 walikuwa wameshamaliza ndani ya dakika 90.

Kosa langu la pili lilikuwa kujaribu kuokoa muda kwa kumpa msusi mteja mwingine wakati dawa iko kichwani. Usifanye hivyo. Dawa ikizidi muda ulioandikwa kwenye kopo inaunguza, na msusi hawezi kuwa kwenye sinki huku mkasi uko kwa mwingine. Rangi ni tofauti. Ikiwa inakaa dakika 35, msusi yuko huru kweli, ila namwekea kazi isiyozidi 20, kama kupunguza ncha, ili arudi kabla ya saa ya kuosha.

Sasa nafasi za akiba. Mwanzoni niliweka dakika 15 baada ya kila mteja, zikaliwa zote: stori ndefu kidogo, simu kidogo, na mimi mwenyewe nilimchomekea humo mtu aliyepita njiani. Niliziondoa, nikaweka nafasi mbili za nusu saa kwa siku. Ratiba ya dawa ikawa hivi: saa 3:00, 4:30, kisha 6:00 hadi 6:30 wazi, mteja wa 6:30, chakula saa 8:00, mteja wa 8:30, wazi tena 10:00 hadi 10:30, na wa mwisho 10:30 hadi 12:00. Nafasi hizo nimezikata kwa msalaba wa wino, kwa sababu penseli nilikuwa naifuta.

Ni wateja watano, na kitabu cha zamani kilikuwa kinaahidi wanane. Kwa mahesabu iliniuma. Lakini nilipohesabu risiti, hao wanane hatukuwahi kuwamaliza. Wengine walichoka wakaondoka, na wa mwisho alitoka usiku.

Siku hizi anayepiga simu namuuliza mambo matatu: nywele zina urefu gani, amewahi kuja kwetu, na je, kichwani kumesukwa? Swali la mwisho ndilo lililoniokoa zaidi. Mtu anakuja na mabutu hajafumua, na kufumua peke yake ni dakika 40. Mgeni namwongezea 20. Msusi anayejifunza nampangia 110, sio 90, na hilo halimfanyi kuwa mbaya.

Rasta bado zinanishinda. Nimepima, lakini tofauti kati ya kichwa na kichwa ni saa nzima na zaidi, kwa hiyo msusi wa rasta simpangii saa kamili. Anapata mteja mmoja asubuhi na mmoja mchana, na yule wa mchana namwambia asitoke nyumbani mpaka nimpigie.