Nilivyochagua mada ya chaneli yangu ya YouTube nikiwa Kigoma, kabla sijarekodi hata sekunde moja

Aisee hili swala la "anza tu, mada utaijua mbele ya safari" limewapotezea watu bando na muda sana, na mimi nilikuwa nakaribia kuwa mmoja wao. Kuna jamaa aliniuzia kipdf kwa kama elfu ishirini hivi kwenye grupu la WhatsApp, ndani kuna orodha ya mada "zinazolipa": foreksi, bima, kripto, tena zote kwa Kiingereza. Yani mimi fundi simu wa Mwanga hapa Kigoma, nianze kuwaelezea Wamarekani habari za bima ya magari yao. Shemeji yangu naye kila tukikutana anasema "wewe mpira unaujua, fungua chaneli ya Simba na Yanga, pesa iko pale."

Shemeji sikumbishia, nikampima. Kabla ya kamera nilichukua daftari nikasema niandike vichwa 30 vya video, kila kichwa kiwe swali ambalo mtu anaweza kuliandika mwenyewe pale YouTube. Kwenye mpira nilianza kwa mbwembwe, nikafika kama cha saba nikaanza kujirudia, "kwanini Simba imefungwa", "kwanini Yanga imeshinda", basi ndo hayo hayo. Nikagundua kubishana kijiweni najua, ila kitu cha kumfundisha mtu sina. Halafu vipande vya mechi huruhusiwi kuvirusha, vina wenyewe na mfumo wa YouTube unavinasa, kwahiyo ningebaki uso wangu tu unaongea. Na ukisema uhamie kwenye habari za mji, huko unahitaji leseni ya TCRA. Hapana.

Ila kilichouua mpira kabisa ni hiki, na naomba ukisome taratibu maana watu wengi wanakosea hapa. Wengi wakipima ushindani wanaangalia chaneli kubwa, wanaona video ina laki tatu wanasema "ohoo watazamaji wapo". Watazamaji wapo ndiyo, lakini wa nani? Wewe tafuta vichaneli vidogo, vyenye watu mia mbili mia tano, uone video zao za mada hiyo hiyo zinapata ngapi. Kwenye mpira vichaneli vidogo vilikuwa vinapata watazamaji thelathini, arobaini, na hao nadhani nusu ni ndugu. Hiyo maana yake wanaofuatilia wanafuata jina wanalolijua, hawafuati mada. Mtu mpya pale anakuja kushangilia tu.

Ufundi simu sikuuchelewesha. Naupenda na unanilisha, ila ukiandika tatizo lolote la simu unakuta Wahindi wamelimaliza kwa mikono tu bila hata kuongea, na Kariakoo nako wamejaa. Nikauweka pembeni.

Dagaa ndo waliniumiza kichwa, maana niko Kigoma, dagaa wetu wanajulikana nchi nzima, mwalo wa Kibirizi ni karibu, nilijua hapo nimemaliza. Daftari likajaa vizuri tu. Nikafungua YouTube kwa Incognito (usitumie akaunti yako, itakuletea vile unavyopenda wewe) nikaandika "dagaa wa kigoma" halafu nikaacha nafasi nikawa naongeza herufi moja moja, a, b, ch, mpaka mwisho, nakopi kila inachopendekeza. Ile orodha inayoshuka chini inatokana na yale watu wanayotafuta, kwahiyo ni bure na ni bora kuliko kipdf cha elfu ishirini. Yakaja makundi mawili tu: kupika, na bei au biashara. Kupika kuna kina mama wana majiko ya kisasa na kamera ya juu, siwawezi. Bei sasa, ndo mtego. Dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika, mzigo unapungua na bei inapanda, giza likirudi inashuka. Na mwaka 2024 ziwa lilifungwa kabisa kuanzia katikati ya mwezi wa 5 mpaka katikati ya mwezi wa 8. Video ya bei ukiirekodi wiki hii, baada ya wiki tatu ni uongo. Ningekuwa natafuta riziki kwenye video zinazooza haraka kuliko dagaa wenyewe. Nilienda kuangalia video za zamani za bei, na kweli, zote zilipata watu siku za mwanzo kisha zikakauka, komenti ya mwisho ni ya zamani mno.

Sasa hapo kwenye komenti ndo nilipata ujanja ambao najivunia mpaka leo.

Michikichi ilikuwa ipo kwenye daftari langu ila kwa chini, sikuipa uzito kwasababu nimekulia nayo. Mjomba wangu ana shamba huko upande wa Simbo, tangu mdogo napanda, nakata mikungu, nachemsha, nakamua. Nilivyoipima kwenye Google Trends, ukichagua YouTube Search na Tanzania, ikaniambia data haitoshi. Mtu mwingine angefuta hapo hapo. Lakini Trends inatumia sampuli na vitu vidogo inavificha, kwa mada za Kiswahili za kilimo hiyo ni kawaida, kwahiyo kutokuona mstari siyo kwamba hakuna mtu. Ila pia usijidanganye upande wa pili, kwamba "hakuna video, basi ni fursa". Mara nyingine hakuna video kwasababu hakuna anayeuliza. Utajuaje sasa?

Nikatafuta video ya zamani ya michikichi, nikaipata moja ya habari tu, kiongozi anapanda mche, anapigiwa makofi, imeisha. Video ya miaka kadhaa nyuma. Nikafungua komenti nikazipanga kwa Newest. Aisee. Ya juu kabisa ilikuwa ya wiki ile ile. Mtu anauliza "mbegu napata wapi?" Chini yake, mwezi uliopita, "heka moja inaingia miche mingapi?" Chini yake "Kagera inakubali?" "Inazaa baada ya miaka mingapi?" "Nimeotesha mbegu zangu miezi sasa hazioti, shida nini?" Hakuna aliyejibiwa hata mmoja! Watu wamefika pale kwa kutafuta, wamekuta makofi, wakaacha swali na kuondoka. Video ya bei ya dagaa komenti zimekufa, hii ya miaka bado inaulizwa. Hapo nikajua watu wapo na wanaendelea kuja.

Nilikaa nikayakopi maswali yote kwenye daftari, halafu nikajiuliza kila moja: naweza kulijibu bila kwenda kugugo, na naweza kuonyesha kwa mkono? Hicho ndo kipimo changu cha kupenda, siyo "moyo wangu unataka nini". Miche kwa heka nilikuwa najua, ukipanda mita 9 kwa pembetatu inaingia kama 57. Ya mbegu kutoota nayo najua, mbegu ya mchikichi imelala, inahitaji joto kwa wiki nyingi kabla haijaamka, kuifukia tu kama mahindi ni kujichosha. Na kuna swali lilinifurahisha sana, mtu anasema ameokota mbegu chini ya mchikichi wa aina ya Tenera kwa jirani, je apande? Hili nimeligombania na wazee shambani kweli kweli. Tenera ni mchanganyiko wa aina nyingine mbili za mchikichi, Dura na Pisifera, ukipanda mbegu zake robo hivi zinarudi Dura zenye gamba nene, nusu ndo Tenera, na robo Pisifera ambazo nyingi hazikuzalii kitu cha maana. Mtu analea shamba miaka mitatu ndo anagundua. Na miche ya uhakika inatoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga hapa hapa Kigoma! Swali kama hilo mimi naweza kuongea nusu saa bila karatasi.

Ushindani nikaupima kwa njia ile ile ya wadogo. Nikakuta kichaneli cha watu hata elfu hawafiki, mwenyewe anaweka harusi na kwaya, zinapata mia mbili tatu. Katikati kuna video moja ya kukamua mawese, imepigwa na simu, upepo unavuma husikii vizuri, ina zaidi ya elfu arobaini. Hapo jina halikusaidia, kamera haikusaidia, ni mada imebeba. Ukiona hivyo, mlango uko wazi. Zingine zilizokuwa juu ni taarifa za habari, au za Kiingereza za mashamba makubwa ya Malesia yenye mashine ambazo mjomba hatazinunua maisha yake yote.

Kitu kimoja nilikaribia kukiacha ni hesabu ya dari, yaani mada yenyewe ikienda vizuri kabisa inaweza kuleta watazamaji wangapi. Kupata matangazo kamili unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000, mtu wa kawaida akikaa dakika 4 kwenye video yako unahitaji kutazamwa mara 60,000. Nikajumlisha video kumi za juu za Kiswahili kuhusu kilimo cha michikichi peke yake, nikaona inawezekana ila ni ya kubana. Kwahiyo sikuiacha na sikuipanua mpaka kuwa "kilimo na ufugaji" kama alivyonishauri mtu mmoja, nikasogea hatua moja tu: chikichi yote, kuanzia mbegu, shamba, mawese, mise za ndani ya kokwa mpaka sabuni. Anayetafuta sabuni ya mawese na anayetafuta mbegu ni watu tofauti, ila wote kwangu wanapata kitu, na Burundi na Kongo ya mashariki nao mawese wanayajua na Kiswahili wanasikia. Pesa ya matangazo kwa watazamaji wa huku ni ndogo, hilo nalijua, sikuingia kwa ajili ya kujenga ghorofa.

Video ya kwanza ikajichagua yenyewe. Nilikata tunda la Dura na la Tenera katikati kwa kisu mbele ya simu, unaona Dura gamba nene nyama kidogo, Tenera gamba jembamba, nyama nyingi, na kuna duara la vidoti vyeusi vya nyuzi kuzunguka gamba. Gharama ni bando na nauli ya bodaboda kwenda Simbo, basi. Komenti ya kwanza ya mtu nisiyemjua ilitoka Kasulu, anauliza kama anaweza kuutambua mche kabla haujazaa. Kwa macho huwezi, nikamjibu, na ndo ikawa video ya pili.

Mjomba sasa hivi anataka nimlipe mikungu ninayoikata kwa ajili ya video. Tunaendelea kubishana bei.