Vipuli vya mama

Mimi ni muuza vipuri. Mwezi uliopita nilimpigia simu mdogo wangu wa kike, anayeishi na mama Mikindani, nikamwambia natafuta vipuli. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole: "Kaka, kwani mzigo umeisha dukani?" Ilibidi nirudie mara mbili. Vipuli. Vya masikioni. Vya mama.

Mama anatimiza miaka 65. Siku yake halisi hakuna aijuaye. Kitambulisho kimeandikwa tarehe 1 Julai, na sisi tumeishika hiyohiyo. Nilikuwa nimetenga shilingi 400,000, hela niliyoiweka kando kidogo kidogo tangu msimu wa korosho, maana wakati ule ndipo watu wa vijijini hushuka mjini kutengeneza pikipiki zao na droo yangu hucheka.

Pete niliifuta mapema. Mama anauza vitumbua. Mikono yake tangu alfajiri iko kwenye uji wa mchele na mafuta, na pete angeivua siku ya kwanza aiweke dirishani, ya pili tungeanza kuitafuta. Bangili ni hivyohivyo. Mkufu nao una mjukuu wa mwaka mmoja anayevuta kila kinachoning'inia. Yakabaki masikio. Mdogo wangu akauliza nani atayaona chini ya ushungi, lakini yeye mwenyewe anajua jibu: nyumbani, kwa wanawake wenzake, kwenye shughuli, ushungi ukishushwa mabegani. Hao ndio anaotaka wamwone.

Hereni za fedha nazo tulishazijaribu. Fedha nzuri, ile yenye muhuri wa 925, kwa kawaida haimdhuru mtu, ila huingia weusi na hudai kusuguliwa, na mama anasema rangi yake ni ya vijiko. Vya kupakwa dhahabu ndivyo vilivyomtoa maji masikioni miaka michache iliyopita. Ule upako ni mwembamba mno. Jasho na kusuguana na kitambaa huumaliza, kisha ngozi inakutana na madini ya ndani, na mara nyingi humo mna nikeli, ambayo baadhi ya watu huwawasha hadi kutoka vidonda. Kwa hiyo ilikuwa dhahabu, tena kwa 400,000.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda kwa sonara na picha kichwani: hereni za mwezi mchanga, zenye kuning'inia, kama alizokuwa nazo zamani. Zilikuwepo. Karati 21, zinang'aa, na kwa macho yangu nono kabisa. Nikaziweka kiganjani, nyepesi kama ganda la karanga. Mzee sonara akaniambia bila kuzunguka kwamba ndani ni tupu, ndiyo maana bei inakaribia hela yangu, na akilalia sikio moja usiku zitabonyea. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Tundu la sikio la mama yako likoje?"

Mtu anauza klachi miaka kumi na moja, anajua kila boliti na tundu lake, na hajui tundu la sikio la mama yake.

Nikampa kazi mdogo wangu. Jumapili alipokuwa akimsuka mama alichukua njiti za kiberiti, akajifanya anamsafisha. Akanitumia ujumbe: njiti mbili zinapita pamoja, kwa kuteremka, si kwa upana. Njiti moja ina kama milimita mbili. Maana yake tundu la mama limekuwa mpasuko wa milimita nne hivi, limevutwa chini na hereni nzito za ujanani. Na hapo ndipo nilipoelewa jinsi ile hereni yake ya zamani ilivyopotea. Tulikuwa nazo mbili, za mwezi mchanga zenye ndoano iliyo wazi nyuma. Moja iliondoka na ushungi usiku wa harusi moja. Ndoano ilinasa uzi wa kitambaa, tundu likiwa pana halikuishika, na asubuhi tulichekecha mchanga wa uwanja mzima kwa chekeche la unga. Iliyobaki ameifunga kwenye kipande cha kanga, ndani ya kopo la maziwa, chini ya kitanda.

Ile iliyobaki ndiyo iliyonitia kwenye jaribu. Mdogo wangu aliichukua kwa siku moja, akaniletea Mtwara kwa daladala, kwa siri. Mzee akaisugua kwenye jiwe lake jeusi hadi ikaacha mstari mwembamba, akasugua pembeni yake sindano za dhahabu anazozijua karati zake, akadondoshea tindikali, akatazama mstari upi unafifia na upi unabaki. Shaba nyeupe ingechemka na kutoa ukijani palepale. Huu ulisimama sawa na sindano ya karati 21. Kwenye mizani: gramu 1.9.

Akanipigia hesabu kwenye karatasi ya sigara. Dhahabu halisi ni karati 24, kwa hiyo karati 21 ni sehemu 875 katika 1,000. Gramu 1.9 ina dhahabu safi ya gramu 1.66. Ukiiongezea shaba na fedha kidogo iwe karati 18, ambayo ni sehemu 750 katika 1,000, unapata gramu 2.2. Ondoa kidogo kinachopotea kwenye kuyeyusha na kupiga tupa, bado zinatoka hereni mbili ndogo, nami ningelipa ujira tu. Yaani sehemu kubwa ya 400,000 yangu ingebaki mfukoni.

Nililala na hiyo karatasi. Ile hereni baba alimnunulia kabla sijazaliwa. Kuiyeyusha bila kumuuliza sikuweza, na kumuuliza ni kuimwaga siri. Nikairudisha kwenye kopo.

Basi tukaanza upya, dhahabu mpya kwa hela niliyonayo. Siku hiyo karati 18 kwake ilikuwa shilingi 200,000 kwa gramu. Nilishangaa ananisukuma kwenye 18 wakati mimi nilidhani karati kubwa ndiyo heshima. Akaichukua waya ya karati 22 akaipinda kwa kidole gumba, ikapinda kama uzi wa shaba. Ya 18 ikagoma kidogo. Dhahabu kadiri inavyokuwa safi ndivyo inavyokuwa laini, na kwa hereni ya kuvaliwa kutwa na kulalwa nayo, kinachoumia ni ule mpini mwembamba unaopita sikioni. Hofu yangu ilikuwa rangi. Mama anapenda dhahabu ya wekundu wekundu, na 18 nilizoziona kwenye kioo zilikuwa zimepauka. Kumbe ile robo isiyo dhahabu ndiyo inayoamua: fedha ikizidi inapauka, shaba ikizidi inaelekea wekundu, na ugumu unaongezeka. Nikaomba shaba zaidi. Sentensi moja tu ya kuomba, na matakwa mawili yaliyokuwa yakigombana kichwani mwangu wiki nzima yakakaa kitako.

Umbo lilitoka kwenye zile njiti. Ua bapa, si la kuning'inia, lenye upana wa milimita 7 ili lizibe mpasuko wa milimita 4 na lisipenye. Unene wa sahani milimita 0.8, bila uvungu ndani. Mpini milimita 0.9. Kila moja gramu 0.8 pamoja na kifungio chake, hivyo jozi ni gramu 1.6, shilingi 320,000 za dhahabu. Ujira aliomba 80,000. Kwenye bei ya gramu hakutikisika hata shilingi mia, kwenye ujira tulisalimiana vizuri na kuulizana habari za watoto hadi ukashuka 60,000. Jumla 380,000.

Kwenye kifungio nilirudi kuwa fundi. Yeye alitaka kile cha kusukuma, chenye masikio mawili yaliyojikunja yanayoubana mpini. Rahisi kuvaa, ndiyo, lakini yale masikio hulegea na ushungi hukivuta. Nikasema skrubu. Akanionya, kwa haki, kwamba meno ya skrubu kwenye dhahabu huliwa yakifungwa na kufunguliwa kila siku, na ukiingiza nati kwa kupinda umeyaua siku hiyohiyo. Nikamwambia hilo nalijua. Nusu ya wateja wangu wanaletwa dukani na boliti iliyokula meno. Lakini mama havui. Analala nazo, anatawadha nazo. Atafungua mara chache kuziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Tukakubaliana nati iwe pana, ili ishike ngozi nyuma ya tundu, na pembeni iwe na mikwaruzo, kwa sababu vidole vya mama vimekuwa vikavu na vigumu na nati laini ingemponyoka.

Nilizichukua tarehe 29 Juni. Nyuma ya kila ua pana muhuri wa 750, lakini muhuri ni maneno tu, mtu anaweza kuugonga hata kwenye shaba, kwa hiyo nilimwomba azipitishe kwenye jiwe mbele yangu. Hakukasirika. Risiti ameandika karati, uzito na ujira mbalimbali. Alinieleza kwamba siku zikirudi kuuzwa, atakayenunua atalipa gramu, ujira hautarudi.

Jana nilikwenda Mikindani na kuku na hicho kiboksi. Mama alikisogeza mbali kwanza ili aone vizuri, akasema "wekundu wake mzuri," akamwita mdogo wangu amfungie. La kushoto liliingia. La kulia nati ilianza kwenda upande, moyo ukaniruka, nikasema rudisha nyuma kwanza, izungushe kinyume mpaka isikike imekaa, ndipo ukaze. Ikakaa. Akajitanda ushungi, akauvua kwa nguvu makusudi, akautanda tena, akauvua. Hakuna kilichonasa.

Kisha akainama chini ya kitanda, akatoka na kopo la maziwa, akafungua kile kipande cha kanga.

"Mwanangu, na hii? Baba yenu aliinunua ili tukikwama tuiuze. Si ungekuja ukaichukua, sonara akaiyeyusha, hela yako ukaongezea mzigo dukani?"

Mdogo wangu alitoka nje kwenda kumtazama kuku. Mimi nikabaki nakunja risiti.