Nilivyohamia penye makutano, mlinganyo ukafunguka

Mlinganyo wa difrenshali ulionitesa wiki nzima ni huu:

dy/dx = (x + y − 3)/(x − y − 1)

Kaka mmoja aliyetutangulia chuoni alinipa njia ya mkato: "Hizo 3 na 1 zifute, tatua kwa y = vx, halafu mwishoni zirudishe. Penye x weka x − 3, penye y weka y − 1." Nikafanya hivyo, na jibu likatoka limenyooka kabisa.

Nashukuru nina mazoea ya kupima jibu kwa nukta moja kabla sijafunga daftari. Nilichukua (3, 0). Kwenye mlinganyo wenyewe, juu ni 3 + 0 − 3, yaani 0, na chini ni 2, kwa hiyo mteremko pale ni 0. Mchirizi wa jibu langu ukipita hapohapo ulikuwa na mteremko wa −1. Kazi ya jioni nzima imekufa, na ushauri ule bado unanikera, kwa sababu wenzangu wengi wanautumia bila kupima.

Kosa lake ni hili: ile 3 si mali ya x peke yake. Ni ya mstari mzima x + y = 3, na 1 ni ya mstari x − y = 1. Nikaichora hiyo mistari miwili. Inakatana penye (2, 1), na hapo ndipo pa kuhamia: x = X + 2, y = Y + 1. Juu panabaki X + Y, chini X − Y, namba zote zimejifuta zenyewe. Mteremko haubadiliki, maana kusogeza karatasi hakuinamishi mstari.

Sasa Y = vX inafanya kazi yake:

X dv/dX = (1 + v²)/(1 − v)

Ukitenganisha na kuintegreti, kisha ukarudisha x na y:

arctan((y − 1)/(x − 2)) = ½ ln((x − 2)² + (y − 1)²) + C

Nilipima tena penye (3, 0), nikapata 0. Nilipiga meza kwa furaha. Tena upande wa kushoto ni pembe, na wa kulia ni logi ya umbali kutoka (2, 1), kwa hiyo michirizi inajizungusha kama gamba la konokono kuzunguka makutano. Mzunguko mmoja kamili unaukuza umbali zaidi ya mara 500.

Ila angalia mistari kwanza. Ingekuwa (x + y − 3)/(2x + 2y + 1), ni sambamba, haikatani popote, hakuna pa kuhamia. Hapo weka u = x + y; unapata du/dx = (3u − 2)/(2u + 1), ambao unatenganika mara moja. Usisahau u = 2/3: ukigawa kwa 3u − 2 unaupoteza mstari x + y = 2/3, nao ni jibu halali.