Siku tuliyovunja kamati

Mwaka 2016 mwezi wa 8 mdogo wangu alioa na mimi ndo nilikuwa mtunza hazina wa kamati ya harusi. Aliyewahi kuishika hiyo kazi anaijua, miezi mitatu unafukuzana na watu wa ahadi, daftari haliondoki kwenye mkoba, mtu akikuona Barabara ya Ishirini hapa Tanga anavuka upande wa pili. Harusi ikapita salama. Jumapili iliyofuata tukakutana kuvunja kamati, kwenye baa moja huku Raskazone karibu na bahari, upepo wa kusi unavuma mpaka napkini inabidi uziwekee chupa juu. Zilikuwa zimebaki laki tatu na elfu arobaini, nikasoma mapato na matumizi, watu wakapiga makofi, mwenyekiti akasema hizo zilizobaki zote ni za kunywa na kula leo leo.

Mwenyekiti alikuwa mjomba wa bibi harusi. Mimi kwake ni mkwe, dada wa bwana harusi, kwahiyo ujue uzito wake, kinywaji anachokupa mzee wa upande ule sio kinywaji tu, ni undugu anakukabidhi mbele za watu. Na mimi situmii pombe. Sababu ninayo, ni yangu, hata hapa siiandiki.

Ila nilishawahi kuitoa sababu, tena ya uongo. Miaka miwili kabla ya hapo, kwenye sherehe nyingine ya jamaa zetu huko Muheza, nilikaziwa nikaona njia nyepesi ni kusema natumia dawa. Kwanza mezani kwenyewe wakatokea madaktari watatu, dawa gani, za siku ngapi, mbona fulani alikunywa nazo na hakudhurika, ngoja masaa mawili upate moja. Yani kila jibu nililotoa lilizaa swali. Hilo lingekuwa limeishia hapo ningesahau. Wiki haijaisha mama ananipigia simu kwa sauti ya chini, mwanangu nimesikia unameza dawa, kwanini hukuniambia. Mnajua kwetu mtu akisema "anameza dawa" kwa sauti ile anamaanisha nini. Nililia siku ile, na sio kwa sababu ya ugonjwa, maana hata huo ugonjwa sio aibu, nililia kwa sababu nilikuwa nimetoa mwenyewe kwa mkono wangu kitu cha watu kutembea nacho mitaani, mama yangu akakipokea mlangoni kwake.

Kwahiyo siku ya kuvunja kamati nilishaamua, sababu haitoki. Wala isiyo ya kweli, wala ya kweli.

Nilifika mapema nikaenda kaunta kabla watu hawajakaa. Nikamwambia dada mhudumu mimi kinywaji changu ni tangawizi, na mtu yeyote akininunulia bia usiifungue, ilete ikiwa imefungwa uiweke mbele yangu basi. Hili la kufungua ndo watu wengi hawaliwazi. Baa zetu ofa ikitolewa mhudumu anapita na opena mkononi, anafungua papo hapo mbele yako, na kizibo kikishatoka ile bia haina pa kurudi, imeshakuwa hela ya mtu imemwagika na wewe ndo uliyeimwaga. Ikiwa imefungwa bado ni mali, inaweza kurudi kaunta, inaweza kumfaa mwingine, na aliyeinunua hajaaibika. Mhudumu alinielewa bila kuniuliza neno, nadhani kazi ile wanaona mengi.

La pili nililojipangia ni neno lenyewe. Usiseme "leo sinywi", maana leo ina kesho, mtu atakuuliza leo kuna nini. Usiseme "sitaki" kwa mzee, hapo umemkataa yeye na chupa yake. "Siwezi" nalo baya, watakuonyesha namna ya kuweza. "Asante, situmii" linatosha, ni kama mtu kusema situmii sukari, linahusu mimi tu. Na ukishalisema usiliongezee kitu. Akirudia, nawe rudia hilo hilo, sauti ile ile. Nilikuja kugundua ule mwaka wa Muheza nilikuwa kila nikiulizwa naongeza maneno, na kuongeza maneno ndo kunamwonyesha mtu kuwa bei bado inajadilika.

Mjomba akazungusha meza raundi ya kwanza. Dada akaniwekea tangawizi yangu baridi na pembeni yake bia imefungwa. Mjomba akaiona. Akanyanyuka na opena yake akaja mpaka nilipokaa, meza ikanyamaza.

"Mkwe, hii ni ya kwangu mimi. Ya undugu."

Nikasimama. "Asante mjomba, situmii. Ila mishkaki ile naitaka, tena unipe wewe kwa mkono wako."

"Bia moja haimuui mtu mkwe wangu."

"Asante mjomba, situmii."

Akaniangalia. Moyo ulikuwa unanienda mbio, nasema ukweli, mikono ilikuwa ya baridi na sio baridi ya chupa. Nilitamani sana kujaza ule ukimya, maneno kumi na tano yalikuwa yameshafika kwenye ulimi, mara nina safari alfajiri, mara tumbo. Nikayameza. Nikanyanyua glasi yangu nikaigonga kwenye chupa yake nikamwambia hongera mjomba umetuongozea kamati vizuri, na nilimaanisha, mzee yule alitoa hela mfukoni mwake siku ukumbi ulipotaka kutukatalia. Akachukua sinia la mishkaki akanichagulia miwili yenye nyama nzuri akanipa. Kelele zikarudi. Nikikumbuka sasa naona alichokuwa anakitafuta ni kunipa kitu nikakipokea mbele za watu, na nilipokipokea ikaisha. Ningekaa tu nimekunja mikono nisitake chochote chake nadhani tungefika pabaya.

Ila wanawake ndo wenye maswali makali zaidi, tusidanganyane. Wifi yangu mmoja wa upande ule akaniinamia sikioni, "wifi, tuanze kushona nguo za mtoto?" Kwa mwanamke ukikataa pombe jibu la kwanza wanalojipa ni mimba, na hapo ukisema sina umejibu, ukinyamaza umejibu, na pengine mtu ana mimba ya wiki sita anaiogopea kuisema, na pengine mwingine ametoka kuipoteza mwezi uliopita na amekaa hapo mezani anacheka. Nikamwambia wifi nisogezee pilipili. Akasogeza. Akauliza tena, nikamwambia hii pilipili kali wameiweka ndimu nini, nae akaanza kunieleza anavyosaga ya kwake nyumbani, na kwa kweli alinifundisha, mpaka leo nafanya vile.

Kaka mmoja akasema kwa sauti, sasa dada wewe unatuhesabia sisi walevi. Sikumjibu kwa maneno, chupa yake ilikuwa imeisha, na hela za kamati ninazo mimi. Nikamwita mhudumu raundi ya pili ikatoka kwenye daftari langu, bia za 2,500 kila mtu chake. Sikuona ubaya na sioni, hela ni za wote na wengi walizitaka hivo. Baada ya hapo hakuna aliyeniangalia tena mkononi nina nini, tukacheka, tukaimba, mbuzi akaletwa, ikawa jioni nzuri mno.

Kama saa moja usiku nikaenda msalani. Na hapo nilikosea, niliiacha glasi mezani.

Niliporudi nikaishika nikaona imezidi. Niliiacha chini kidogo ya nusu, sasa imepita nusu, na povu la tangawizi limekufa kabisa. Wakati ule viroba bado vinauzwa kila duka, serikali ilikuja kuvipiga marufuku Machi 2017, kilikuwa kijipaketi kinaingia mfuko wa shati, pombe kali tena nyeupe kama maji, ukiitia kwenye soda huioni. Tangawizi nayo ni kali kwahiyo kwenye ulimi unaweza usishtuke mapema. Lakini pua haidanganyiki, ukiileta karibu ule ukali unapanda puani kama spiriti ya hospitali. Nikaangalia chini ya meza, kona ya plastiki iliyokatwa kwa meno ipo pale kwenye mchanga.

Watu wawili watatu walikuwa wananitazama wanasubiri.

Niliumia kuliko nilivyowahi kuumia kwenye sherehe. Mtu amesikia situmii, ameisikia vizuri, na ameamua mdomo wangu ni wa kwake. Hajui kwanini situmii. Ingekuwa ni dawa kweli? Ingekuwa ni mimba? Ingekuwa ni mtu aliyeacha baada ya kuteseka miaka, na tone moja ndo linamrudisha? Nilikuwa na haki ya kuipindua ile meza na ninaamini hivo mpaka leo. Sikuipindua kwa sababu mjomba alikuwa amesimama anatoa shukrani, na mdogo wangu na mkewe walikuwa wamekaa pale wana wiki moja ya ndoa.

Nilimwita dada mhudumu nikampa ile glasi mkononi, nikamwambia kimwage, asije mtu au mtoto akanywa, niletee chupa nyingine ufungulie hapa hapa na mrija. Alivyoinusa tu alielewa. Akafungua mbele yangu, nikanywea kwenye chupa, dole gumba juu ya mdomo wa chupa kila nikiishusha, mpaka mwisho. Nikahamisha kiti nikakaa karibu na mjomba.

Saa tatu bili ikaja. Mbele yangu zilikuwa zimejipanga bia nne za ofa za watu, zote zina vizibo. Dada akazirudisha kaunta, mjomba akasema mpe mkwe wangu maji makubwa ya kwenda nayo nyumbani na inayobaki iwe yako.

Tukatoka nje na wifi, yule wa pilipili, sote tunaelekea Makorora. Bajaji haijafika. Akanishika mkono akasema wifi nimemwona aliyetia. Ukitaka nakutajia, hutaki nanyamaza.

Nikamwambia nitajie.

Akanitajia. Sikusema kitu, wala yeye hakuongeza. Bajaji ikaja tukapanda, katoni ya maji katikati yetu.